Siku tano za kupima njia ya kazini, na barua iliyotokana nazo

Nimerudi nyumbani, viatu vimekauka, na nimeandika haya kutoka kwenye daftari dogo na picha za saa nilizokuwa nikipiga kila kituo. Safari yenyewe haikuwa ya mbali. Niliirudia njia ileile kwa siku tano, kutoka mlangoni kwangu hadi lango la mahali nilikoomba kazi ya ukarani wa ghala.

Chanzo chake kilikuwa swali moja kwenye usaili. Meneja alitazama anwani yangu, akaniuliza, "Unakaa huko kote? Utawezaje kufika hapa saa 2 kamili kila asubuhi?" Nikajibu kwamba nitafika tu, wala asiwe na wasiwasi. Nilimwona akiandika kitu kwenye karatasi yake na nikajua jibu limemwacha palepale. Kabla ya kuaga niliomba ruhusa ya kumtumia barua fupi juu ya suala la usafiri. Akakubali, akasema uamuzi utafanywa wiki inayofuata mwishoni. Basi nikawa na siku tano za kazi za kutafuta jibu la kweli.

Siku ya 1, Jumatatu

Niliondoka saa 12:00 asubuhi, kwa sababu programu ya ramani kwenye simu ilikuwa imenipa saa 1 na dakika 20. Nikaona hata nikichelewa kidogo nitafika kabla ya saa 2.

Kutembea hadi kituoni kulinichukua dakika 15. Basi lilikuwepo, ila halikuwa limejaa, na dereva hakuondoka hadi saa 12:30. Barabara ilikuwa nzuri hadi tulipokaribia daraja. Hapo njia mbili za magari zinaingia kwenye njia moja, na kufikia saa 1 magari yalikuwa yamesimama mstari mrefu kiasi kwamba sikuona mwanzo wake. Kondakta alishuka kununua maji, akarudi akiwa anatembea, akatukuta palepale. Kipande hicho cha kwanza kilikula dakika 65. Kituo cha kubadilishia nikasubiri dakika 15, basi la pili likachukua 40, na kutoka lilipotushusha hadi langoni nikatembea 12. Saa yangu ilisoma 2:42.

Nilisimama upande wa pili wa barabara nikitazama lango limefungwa na wafanyakazi wote wako ndani. Iliniuma. Kama ningekuwa nimeajiriwa, siku yangu ya kwanza ningeingia nikiwa nimechelewa dakika 42.

Kwa atakayefanya zoezi hili: ramani ilihesabu gari linalotembea. Haikuhesabu mguu wa kutoka nyumbani na ule wa kufika langoni, basi linalongoja abiria, wala kusubiri kwenye kubadilisha. Kwangu vitu hivyo peke yake vilikuwa dakika 57. Pima mlango kwa mlango, na andika kila kipande peke yake, maana ukiandika jumla tu hutajua ni wapi pa kurekebisha. Mimi nilipiga picha ya saa kila nilipofika mahali; picha hubeba muda wake hata kalamu ikikosekana.

Kurudi mchana hakukuwa na la kusimulia.

Siku ya 2, Jumanne

Nilitoka saa 11:15 alfajiri. Giza bado, mbwa wawili barabarani, taa ya kituoni inawaka na kuzimika. Basi liliondoka saa 11:40 na abiria wengi walikuwa wamelala kabla hatujafika lami kubwa. Darajani tulipita bila kusimama. Dakika 45 tu na tukawa kituo cha kubadilishia. Nikasubiri 10, basi la pili likachukua 30, nikatembea 12 zangu, nikafika langoni saa 1:17.

Niliirudia hesabu mara mbili kuhakikisha. Niliamka mapema kwa dakika 45 kuliko jana, lakini nilifika mapema kwa dakika 85. Safari yenyewe ilikuwa imepungua dakika 40, na nusu ya dakika hizo ilitoka kwenye kipande chenye daraja. Tangu hapo nikaacha kujiuliza njia ni ndefu kiasi gani, nikawa najiuliza nafika darajani saa ngapi. Ukipita kabla ya saa 12:15 hivi, ni barabara moja. Ukipita saa 1, ni barabara nyingine kabisa.

Mlinzi wa langoni aliniona nimesimama, akaniuliza shida yangu. Nilipomweleza akaniletea kiti cha plastiki. "Kaa, binti. Lango hili linafunguliwa saa 1:30, wapo wanaokuja mapema kuliko wewe." Kauli hiyo ilinisaidia kuliko alivyojua: kama ningefika saa 1:17 kila siku, nilikuwa na pa kukaa na mtu wa kunifungulia.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda kukaa maktaba kutwa nzima nikisoma, ili mwili nao upimwe, nikala chakula nilichobeba. Saa 10:30 jioni nikaanza safari ya kurudi. Nilifika nyumbani saa 12:40, yaani saa 2 na dakika 10 njiani.

Jambo dogo ambalo karibu linivurugie kila kitu: simu yangu huandika 05:15 pale mimi ninaposema saa 11:15 alfajiri. Kwenye daftari nilikuwa nimechanganya zote mbili, na jioni nikajikuta na kipande cha safari kilichochukua saa 6 zaidi. Chagua saa moja tangu mwanzo. Kwenye barua utakayotuma taja na kipindi cha siku, alfajiri, asubuhi, jioni au usiku, ili msomaji asibahatishe.

Siku ya 3, Jumatano

Mvua. Nilitamani kulala, kisha nikakumbuka kwamba siku hii ndiyo niliyoihitaji. Kupima njia siku ya jua peke yake ni kujidanganya na kumdanganya mwajiri.

Niliondoka tena saa 11:15. Mguu wa kituoni ulikuwa dakika 18 kwa sababu ya matope. Abiria walichelewa kutoka majumbani, basi likaondoka saa 11:50. Dakika 58 hadi kituo cha kubadilishia, 14 za kusubiri chini ya paa linalovuja, 36 kwenye basi la pili, 14 za kukwepa madimbwi. Nilifika saa 1:52.

Nilifurahi kuliko Jumanne. Dakika 8 za akiba ni chache, lakini ziliachwa na mvua kubwa, nami nikafika nikiwa na soksi kavu za kubadilisha ndani ya mkoba. Mama mmoja niliyeketi naye basi la pili ndiye aliyenifundisha kufunga viatu vya kazini kwenye mfuko na kutembea na vya mpira. Alisema amepita njia hiyo miaka mingi. Nikamuuliza ni kipi kinachomchelewesha zaidi, mvua au magari. "Mvua unaiona ukiwa bado kitandani, mwanangu. Kuharibika kwa basi hukuoni kukija."

Siku hiyo nilirudi saa 11:00 jioni, muda halisi wa kufunga kazi. Kuchelewa kuondoka kwa nusu saa tu kuliko jana yake kulinifikisha nyumbani saa 1:47 usiku. Saa 2 na dakika 47 njiani, nyingi nikiwa nimesimama. Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo la njia hii halikuwa asubuhi peke yake, ingawa meneja aliuliza asubuhi.

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu ya usingizi. Kutoka saa 11:15 alfajiri hadi saa 1:47 usiku ni saa 14 na dakika 32 nje ya nyumba. Nikilala saa 3:30 usiku na kuamka saa 10:30 alfajiri, napata saa 7 kamili. Asubuhi zinabaki dakika 45 za kujiandaa, na jioni saa 1 na dakika 43 za kula, kuoga na kukaa na watu wangu. Ni maisha yaliyobanwa. Nilijiuliza kwa dhati kama nayataka, kwa sababu barua nzuri isingenisaidia kitu kama baada ya miezi miwili ningechoka na kuacha. Nikaona nayaweza siku tano za wiki. Kama kazi ingekuwa ya siku sita, nadhani ningeacha kuiomba.

Nauli nayo niliifanyia hesabu usiku huohuo: kwenda na kurudi, siku 22 za mwezi, inachukua karibu sehemu moja kwa sita ya mshahara uliotajwa kwenye usaili. Fanya hesabu hii kabla ya kuandika barua yoyote. Mwajiri anayesikia unakaa mbali huwaza pia kwamba mwezi wa tatu utarudi kuomba nyongeza ya usafiri.

Siku ya 4, Alhamisi

Yule mama alikuwa amenitabiria. Tuliondoka kituoni saa 11:42, na dakika 20 baadaye, kabla ya daraja, tairi la nyuma lilipasuka. Hakuumia mtu. Tulishuka kando ya barabara, giza likianza kupauka, na kila basi lililopita lilikuwa limejaa. Kijana mmoja aliyebeba ndoo za rangi alinipa nafasi yake kwenye basi lililosimama saa 12:32. Alisema yeye kazi yake haina saa. Sikupata hata jina lake.

Kwa kuwa tulifika darajani saa mbaya, kipande kilichobaki kilichukua dakika 35. Nilikuwa kituo cha kubadilishia saa 1:07, nikasubiri dakika 10, basi la pili likachukua 38, mguu 12. Saa 2:07. Nimechelewa dakika 7.

Jioni nilichukua siku tatu nilizoondoka saa 11:15 nikatafuta wastani: dakika 122, dakika 157, dakika 172. Wastani ni kama dakika 150, yaani ninafika saa 1:45. Namba hiyo ilipendeza sana machoni na nilikuwa karibu kuiandika kwenye barua. Kisha nikaona kwamba hakuna hata siku moja niliyofika saa 1:45, na kwamba namba hiyo imeificha Alhamisi. Mwajiri hamlipi mtu wastani. Anataka kujua siku mbaya inakuwaje na utafanya nini ikija. Kwa hiyo niliamua barua itaje siku mbaya kwa jina, na nikahitaji suluhisho lake kabla ya kulala.

Ningeweza kuondoka saa 11:00 badala ya 11:15. Ingeniokoa Alhamisi, lakini ningelipa dakika 15 za usingizi kila siku kwa ajili ya tairi linalopasuka mara chache. Nilikumbuka pikipiki zinazopanga mstari kituo cha kubadilishia.

Siku ya 5, Ijumaa

Nilifika kituo cha kubadilishia saa 12:20, nikakaa kwenye benchi makusudi hadi saa 1:07, dakika ileile niliyofika Alhamisi. Kupima pikipiki saa 12:20 kusingenionyesha kitu, kwa kuwa barabara huwa bado tupu. Saa 1:07 nikapanda, kofia ngumu kichwani, na baada ya dakika 21 nikashushwa langoni. Ilikuwa saa 1:28. Nauli yake ilikuwa mara tano ya basi, kwa hiyo haifai kuwa njia ya kila siku. Mara moja au mbili kwa mwezi naimudu.

Mlinzi alinikuta tena. "Bado hujaajiriwa?" Nikamwambia naandika barua usiku huu.

Kutokana na siku hizo nikajiwekea mipaka miwili. Wa kwanza ni saa 1:05: nisipokuwa nimepanda basi la pili kufikia hapo, nachukua pikipiki. Nimeupata kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka saa 2:00, nikitoa dakika 12 za mguu na dakika 40 za basi la pili katika siku yake mbaya, inakuja saa 1:08, nikapunguza kidogo. Wa pili ni saa 1:30: nisipokuwa hata nimefika kituo cha kubadilishia, pikipiki nayo huenda isitoshe, kwa hiyo nampigia simu msimamizi wakati huo, nusu saa kabla, badala ya kumtafutia maelezo nikishachelewa.

Barua

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na jedwali la vipande vyote. Niliitupa. Meneja hakuomba daftari langu. Ana wasiwasi wa mambo matatu, kuchelewa, kuchoka na kuacha kazi mapema, na barua inatakiwa iyaguse hayo matatu kisha inyamaze. Niliondoa pia aya niliyoomba kuanza kazi saa 1:30 na kutoka saa 10:30 jioni. Ombi hilo lina mantiki, kwani lingeniokolea zaidi ya saa moja kila jioni, lakini barua ya kumtuliza mtu haifai kumwongezea jambo la kuamua. Nitaliuliza nikishafahamika. Na sikuandika kwamba nitahamia karibu, kwa sababu sijapanga kuhama.

Hii ndiyo niliyotuma:

> Ndugu Meneja,
>
> Nashukuru kwa usaili wa wiki iliyopita na kwa kuniruhusu kuandika juu ya swali lako la usafiri. Siku ile nilijibu bila kupima. Wiki hii nimeisafiri njia hiyo siku tano za kazi, asubuhi, kutoka nyumbani hadi langoni kwenu.
>
> Nitaondoka nyumbani saa 11:15 alfajiri. Siku ya kawaida nilifika saa 1:17 asubuhi. Siku ya mvua kubwa nilifika saa 1:52. Siku moja basi liliharibika njiani, nikafika saa 2:07, yaani dakika 7 baada ya muda wa kuanza kazi. Kwa siku kama hiyo nimepima njia mbadala: kutoka kituo cha kubadilishia, pikipiki hunifikisha kwa dakika 21, na nitaitumia kila ninapokuwa sijapanda basi la pili kufikia saa 1:05. Ikitokea hata hilo haliwezekani, nitampigia msimamizi wangu ifikapo saa 1:30.
>
> Jioni, nikitoka saa 11:00, nafika nyumbani saa 1:47 usiku, na ratiba hiyo inaniachia saa 7 za usingizi. Nauli nimeihesabu ndani ya mshahara mlioutaja, na ninaimudu.
>
> Katika kazi niliyoiacha nilisafiri saa 1 na dakika 40 kila upande kwa miezi 14. Msimamizi wangu wa wakati huo amekubali kuulizwa juu ya mahudhurio yangu. Namba yake iko kwenye wasifu niliowasilisha.
>
> Vipimo hivi ni vya wiki moja, na najua wiki haifanani na nyingine. Niko tayari muvipime wenyewe katika kipindi cha majaribio.
>
> Wako mtiifu,

Sentensi ya mwisho kabla ya kutia saini niliiwaza sana. Rafiki yangu aliyeisoma aliniambia niifute, kwamba inaonyesha udhaifu, vilevile zile dakika 7. Niliziacha zote mbili. Meneja anayejua njia ile anajua kwamba mabasi huharibika. Barua isiyo na siku mbaya ingemfanya asiamini hata siku nzuri.

Kama una kazi ya zamani uliyosafiri mbali, muulize msimamizi wako wa zamani kabla ya kumtaja. Mimi nilimpigia Ijumaa mchana, akacheka, akaniambia anakumbuka nilivyokuwa nafika na viatu mkononi.

Jumatatu na Jumanne zilizofuata

Jibu lilikuja Jumatatu, sentensi mbili. Ameshukuru kwa barua, na anauliza: mwisho wa mwezi ghala linapohesabu mali, kazi huendelea hadi saa 1 usiku; je, nitarudije?

Hilo sikulipima. Jumanne nilikwenda tena, safari hii jioni. Kutoka langoni saa 1:00 usiku, mguu dakika 12, nikasubiri 20, basi likachukua 35, nikawa kituo cha kubadilishia saa 2:07. Nikawauliza makondakta wawili na mwanamke anayeuza tiketi, kila mmoja kwa wakati wake, basi la mwisho la kwetu linaondoka saa ngapi. Wote walisema saa 2:30. Nikakaa kulisubiri, na liliondoka saa 2:31.

Usiku huohuo nilimjibu kwamba siku za kuhesabu mali naweza kubaki hadi saa 1:00 usiku, nikiwa na akiba ya dakika 23 kabla ya basi la mwisho, na kwamba kupita hapo sitaweza kurudi nyumbani, hivyo naomba nijulishwe siku moja kabla ili nitafute pa kulala. Alhamisi alinipigia. Naanza tarehe 1, kwa miezi mitatu ya majaribio.